Kaunta yangu ya vocha ilivyogeuka redio ya mtaa, na siku mbili zilizonifundisha kufunga mdomo

Mimi ni dada wa vocha. Nipo Mbagala, jijini Dar, kwenye kona ambayo daladala zinashusha na bomba la maji lipo hapohapo, yaani ukitaka kwenda popote mtaani kwetu lazima upite mbele yangu. Nilianza 2016 nikiwa nimeajiriwa na mama mmoja, nikakaa kwake miaka miwili na nusu, shoti zote za hesabu zinakatwa kwenye mshahara wangu hata kama shoti yenyewe ni ya mia tano, baadaye nikajichanga nikafungua cha kwangu. Kibanda chenyewe ni mbao na bati, kaunta ya upana wa mkono mmoja, ndani kiti cha plastiki, feni ndogo, simu mbili za batani za uwakala, daftari, kopo la sarafu, na soketi ya kuchajia simu za watu. Ni hivyo tu.

Nataka nisimulie jinsi hicho kibanda kilivyokuwa kama ofisi ya habari bila mimi kuomba, maana watu huwa wanadhani muuza vocha anapenda umbea. Wengine tunapenda, sikatai. Ila hata usipopenda utajua tu, kazi yenyewe imekaa hivyo.

Mtu akija kununua mkate anachukua anaondoka. Akija kutoa hela anakaa. Anabonyeza *150*00# au ya mtandao wake, anaweka namba ya wakala, anaweka kiasi, anaweka namba ya siri, halafu tunasubiri wote wawili meseji iingie. Mtandao ukiwa mzuri ni sekunde, ukisumbua ni dakika tano au kumi, na ndani ya hizo dakika huyo mtu amesimama hapo na wenzake watatu wanaosubiri, ndoo za maji zipo chini, na hakuna binadamu wa Mbagala anayeweza kusimama dakika kumi kimya. Ataanza na jua. Akimaliza jua anaingia kwa jirani.

Tena watu wakishika simu wanasahau kwamba wewe upo. Mtu anampigia aliyemtumia hela, anaongea pale pale kaunta kwa sauti kubwa, "umetuma ya kodi tu, ya mtoto iko wapi?" Mimi nafanya nini, nizibe masikio? Naandika daftari.

Halafu kuna vitu ambavyo hata hujaambiwa unavijua kwa kuangalia hela zinavyotembea. Kwa mfano msiba. Wengi wanakuja na keshi wanasema dada niwekee kwenye namba hii moja kwa moja (hairuhusiwi, wakala unatakiwa umwekee mtu kwenye simu yake kisha atume mwenyewe, ila mtaani inafanyika kila siku). Asubuhi anakuja mmoja, elfu tano kwenda namba fulani, jina linakuja la fulani. Nusu saa anakuja mwingine, elfu mbili, namba ileile. Wa tatu elfu kumi, namba ileile. Mimi hapo nimeshajua kuna msiba na nimeshajua nani kafiwa, na msikitini bado hawajatangaza. Mwanzoni nilikuwa najisikia fahari kweli, mtu akipita namwambia "umesikia kwa kina fulani?" anashtuka, "aa, wewe umejuaje?" Nacheka tu, najiona mtu.

Basi ikawa hivyo. Watu wakawa wanakuja kuuliza. Maji yanatoka lini, umeme umekatika wapi, kweli wanabomoa kule bondeni, mwenyekiti karudi? Sijui ni nani aliwaambia mimi najua. Nadhani ni lile bango la kampuni nililobandika, lile la rangi, na zile meseji zinazoingia kwenye laini ya uwakala. Mtu akishakuona unapokea meseji za kampuni anaona wewe upo karibu na wakubwa. Wakati mimi wakubwa ninaowajua ni kijana wa wakala mkuu anayepita na pikipiki kutuuzia vocha za kukwangua, na ambaye vocha ya elfu moja faida yake kwangu haifiki hata mia.

Sasa niingie kwenye siku ya kwanza.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, mwisho ukasemwa tarehe 31 Desemba, watu wakajazana kwenye ofisi za NIDA mpaka wengine wanalala foleni maana bila namba ya NIDA husajiliwi. Mwishoni mwa Desemba Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikawa mwisho ni tarehe 20 Januari 2020, ambayo ilikuwa Jumatatu. Mimi hapa nazungumzia Ijumaa kabla yake, tarehe 17.

Kwa asiyejua hii kazi niseme kidogo. Mtaji wa wakala umegawanyika mara mbili, kuna keshi iliyo kwenye droo na kuna floti iliyo kwenye simu. Mtu akija kutoa hela, keshi yangu inapungua na floti inaongezeka. Akija kuweka, kinyume chake. Jumla haibadiliki, inahama tu mfuko huu kwenda mfuko ule, na siku nzuri ni ile ambayo wanaoweka na wanaotoa wanakaribiana, unafunga jioni droo iko karibu na ilivyokuwa asubuhi. Siku hiyo nilifungua na mtaji wa milioni moja na laki mbili, laki sita droo, laki sita kwenye simu.

Saa mbili na nusu asubuhi akaja kijana wa bodaboda, kanunua vocha ya mia tano, akaniuliza, "Dada, mimi NIDA sijapata namba, hivi wakinifungia laini hela yangu ya mle inakuwaje?"

Mimi nilikuwa nakwangua kutu kwenye kufuli, wala sikumwangalia. Nikamjibu, "Laini ikifungwa utaitoaje? Si itabaki hukohuko."

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuongeza neno. Na hayakuwa uongo, laini ikifungwa kweli huwezi kubonyeza kutoa, hela inakaa pale mpaka usajili ndio laini irudi. Ila hicho kipande cha "mpaka usajili" sikukisema. Niliona kinajieleza chenyewe. Nikamwambia pia toa kabisa uwe na amani, akatoa elfu thelathini na tano zake akaondoka zake kijiweni.

Saa nne akaja mama mmoja na mwanawe, anatoa elfu sitini. Namuuliza mbona zote, anasema nasikia zinabaki kwa kampuni. Nikasema mh. Saa tano wakaja watatu kwa pamoja, mmoja ananiambia serikali inazichukua. Kabla ya saa sita babu mmoja ambaye huwa hatoi zaidi ya elfu tano kwa wiki akaja na fimbo yake, kasimama juani, anataka zote mpaka senti ya mwisho kwa sababu Jumatatu huduma za kutuma hela zinafungwa nchi nzima. Nikamuuliza babu nani kakwambia. Akasema, "Wakala kasema."

Wakala gani?

"Wakala wa hapa hapa. Wewe."

Nilichoka. Nikafungua daftari nikaanza kuhesabu, kumbe lilikuwa linaniambia muda wote ila silisomi. Siku za kawaida mistari inachanganyika, kutoa, kuweka, kuweka, kutoa. Siku hiyo ilikuwa kutoa, kutoa, kutoa, ukurasa mzima. Kutoa 19, kuweka 2. Waliotoa jumla 571,000, walioweka 45,000. Droo ilibaki na elfu sabini na nne, na kwenye simu nina milioni moja na laki moja na ishirini na sita ambazo hakuna anayezitaka. Toka siku ile huwa naangalia hilo kabla ya masikio, nikiona watu watano wamefuatana kutoa na hakuna anayeweka na wala sio mwisho wa mwezi wala sikukuu, najua kuna neno limetembea mtaani, hata kama hakuna aliyeniambia neno lenyewe.

Sasa hapa ndio nilipoharibu zaidi. Watu walikuwa kama kumi na mbili mbele yangu, nikawaambia ukweli, "Jamani keshi imeisha." Hee! Ukweli kabisa, na ndio uliochoma nyumba. Yule wa nyuma hakusikia keshi imeisha, kasikia hela hakuna. Dakika mbili mtu yupo kwenye simu anamwambia mwenzake hata wakala mwenyewe hela hana, kimbia kabla na huko kwenu hazijaisha. Na mimi nimesimama pale na floti milioni na zaidi! Hela ipo. Imekaa mfuko mwingine tu. Nenda kaeleze hayo kwa watu kumi na mbili waliosimama juani saa sita mchana.

Na ujue Mbagala sisi tuna historia yetu. Aprili 29 mwaka 2009 mabomu ya kambi ya jeshi yalilipuka hapa, watu walikufa, wengine walikimbia kwa miguu mpaka hawajui walipo na watoto wakapotezana na wazazi. Aliyekimbia haraka siku ile ndiye aliyeonekana ana akili. Kwa hiyo mtu wa hapa ukimwambia kimbia anakimbia kwanza, anauliza akifika. Siwalaumu hata kidogo.

Nikampa bodaboda buku mbili aende Rangi Tatu kwa wakala mkuu abadilishe floti kwa keshi. Akarudi mikono mitupu, kule nako foleni ndefu kuliko yangu. Aliyeniokoa ni Mangi wa duka la jumla hapo jirani, yeye kila siku ana keshi ya mauzo na jioni lazima aiweke kwenye simu alipie mzigo. Nikamfuata, nikamwambia Mangi hela ya leo usisubiri jioni, niwekee sasa hivi. Akanipa laki nne, nikamwekea laki nne kwenye simu yake, floti ikashuka keshi ikapanda, tumemaliza. Kitu cha dakika tatu ambacho ningekifanya saa nne asubuhi pasingekuwa na vurugu hata kidogo.

Lakini keshi peke yake haikutuliza watu. Kilichotuliza ni kitu kingine. Kabla sijamtolea mtu hela nikawa namwambia bonyeza kwanza *106# hapo mbele yangu. Ile inakuonyesha kama laini yako imesajiliwa na kwa jina gani. Mtu anabonyeza, anaona laini yake ilishasajiliwa kwa kidole, anakaa kimya, anasema, "Ah, kumbe mimi nipo?" Upo baba. Basi anatoa elfu kumi za matumizi badala ya zote, wengine wanaondoka bila kutoa kitu. Kumbe zaidi ya nusu ya foleni yangu ilikuwa ya watu ambao tarehe 20 haiwahusu kabisa. Ningewaambia kwa maneno wasingeniamini, maana maneno yangu ndiyo yaliyowaleta. Walitaka waone kwenye simu zao wenyewe.

Jioni yule kijana wa bodaboda akapita, nikamwita. Nikamuuliza ulisema nini kijiweni? Akaapa, wallahi dada nimesema ulivyosema wewe. Na mimi namwamini mpaka leo. Hakuna aliyedanganya kwenye mlolongo ule. Kila mmoja alikata kipande kidogo cha mwisho ili habari iwe fupi, na wa kwanza kukata nilikuwa mimi.

Hiyo ya kwanza tuliicheka baadaye, mpaka leo watu wananitania Waziri wa Fedha. Ya pili hakuna anayecheka.

Ilikuwa 2021, ile miezi tozo za miamala zimeanza Julai, watu wananuna kila wakitoa hela na mimi ndiye ninayenuniwa kana kwamba tozo naila mimi. Kuna mama nitamwita Mama Vitumbua, sio jina lake, anapika vitumbua jirani na bomba. Alikuwa kijumbe wa mchezo, wanawake ishirini, kila mmoja elfu ishirini kila baada ya wiki mbili. Asiyejua mchezo: mnachanga wote, anapokea mmoja, zamu inazunguka, kijumbe ndiye anayekusanya na kukabidhi. Anayepokea hachangii siku yake, kwa hiyo mzigo ni 380,000. Wengi walikuwa wanamtumia kwenye simu.

Mama Vitumbua macho yake hayaoni karibu. Wazee na watu wa macho mabovu wana tabia moja ambayo mawakala wote tunaijua, anakupa simu yote, "nitolee mwanangu," na namba ya siri anakutajia kwa sauti, mara nyingi ni mwaka aliozaliwa. Na mimi nilikuwa natoa. Naona msaada. Ila ukishika simu ya mtu huoni kiasi tu, unaona salio lililobaki, unaona na meseji nyingine zilizo chini yake. Kwenye simu yangu ya uwakala sioni salio la mteja, naona jina, namba na kiasi alichotoa basi, na hiyo ilipangwa hivyo kwa maana. Mimi nilikuwa nauruka huo ukuta kila siku kwa jina la huruma.

Alhamisi moja alfajiri, hata daladala hazijachangamka, Mama Vitumbua kaja na khanga kajifunika mpaka kichwani. Anataka kutoa 380,000. Nikamtolea, salio likabaki elfu moja mia moja na hamsini. Nikamhesabia noti, mikono yake inatetemeka, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia, "Mwanangu, hii hujaiona." Nikasema sawa mama.

Na sikumwambia mtu, naapa. Saa tatu akaja mmoja wa wale wanawake wa mchezo kuchaji simu, akauliza, "Mama Vitumbua leo mbona hajapika? Kapita hapa?"

Nikasema, "Kapita asubuhi, kabeba mzigo wa maana." Nikacheka.

Nilitania tu. Hiyo ni lugha ya kaunta, kila mtu akitoa kuanzia laki tunasema kabeba mzigo. Huyu dada hakucheka. Alichomoa simu yake ina chaji asilimia kumi na mbili akaondoka. Na mbaya zaidi daftari lilikuwa wazi pale kaunta kama siku zote, maana mteja lazima asaini, na akisaini anasoma na mistari ya juu yake. Jina, namba, kiasi, saa. Baadaye nilikuja kujua alikuwa ameshausoma mstari kabla hajaniuliza. Alichokuja kutafuta kwangu ni sauti ya kuuthibitisha.

Saa nane mchana wanawake kama tisa walikuwa mlangoni kwa Mama Vitumbua. Zamu ilikuwa ya Jumamosi, leo Alhamisi, kijumbe katoa hela yote alfajiri amejifunika khanga na hajapika. Ukiipanga hivyo hata wewe unaona ni mtu anakimbia. Wakati yeye alikuwa ndani kalala, ana malaria. Wakamtoa nje. Mmoja akaenda kumwita mjumbe, wengine wanapiga kelele, vijana wa bomba wakaacha ndoo wakaja kutazama, na mimi nimefunga kibanda nimesimama nyuma ya watu, najua kabisa nani kaleta haya.

Mama wa watu alikataa kusema kwa muda mrefu. Anasema tu hela ipo, nimemkabidhi mwenyewe. Mwenyewe nani? Kimya. Wakamwita mwizi, mmoja akampiga teke beseni la unga wa mchele. Mjumbe akamwambia mama, taja jina yaishe. Akataja.

Zamu ilikuwa ya binti mmoja anayekaa nyumba ya nyuma, ana mtoto wa mwaka, na mumewe kila mtu anamjua mkono wake. Binti alikuwa amemwomba kijumbe ampe mzigo wake siku mbili kabla, kimya kimya, ili apande basi la kusini arudi kwao Kilwa kabla mume hajajua kuna hela. Mama Vitumbua alikubali kwa sababu hela ilishatimia, wote walishachanga. Hakumwibia mtu yeyote. Alikuwa amefanya kitu kizuri, na ili asafishe jina lake mbele ya watu tisa ilibidi alitoe la mwenzake.

Pale kwenye kundi la vijana wa bomba alikuwepo mdogo wake yule mume.

Mabasi ya kusini yanapakia Rangi Tatu, kutoka kwetu ni karibu. Basi lake lilikuwa la mchana na lilichelewa kuondoka, kiti kimoja kimoja wanasubiri kijae. Wakamkuta amekaa dirishani na mtoto. Sikuwepo, nilihadithiwa, kwa hiyo ya stendi siyasemi. Nilichokiona kwa macho yangu ni jioni, alipita mbele ya kibanda akiwa nyuma ya mumewe hatua kama nne, mtoto mgongoni, begi kalibeba mume. Hakuniangalia. Na sidhani kama alijua kwamba mimi ndiye, hilo ndilo linaniuma zaidi, maana angejua angalau angenitukana.

Usiku nilimpelekea Mama Vitumbua kilo mbili za unga wa mchele na nikamwambia yote. Kwamba nilitania, kwamba daftari lilikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani na panadol mkononi. Akaniuliza swali moja tu, "Ulicheka?" Nikasema nilicheka mama. Akasema basi nenda kalale.

Kesho yake sikufungua mapema. Nilichukua boksi la sabuni, nikalikata ukubwa wa ukurasa wa daftari, katikati nikatoboa kijidirisha chembamba upana wa mstari mmoja. Mteja akija kusaini naliweka juu ya ukurasa, anaona mstari wake na kalamu, ya juu na ya chini hayaoni. Lile boksi limeshachakaa nimebadilisha mara nne. Mawakala wenzangu wawili wamenicheka, mmoja amenakili.

Simu za watu nimeacha kushika. Wazee wamenichukia kwa hilo, wananiambia siku hizi unaringa. Namwelekeza kwa mdomo, baba bonyeza hii, sasa hii, sasa namba ya siri na mimi nageuka naangalia ukutani. Inachukua mara mbili ya muda, foleni inalalamika, na kuna wateja wameshahamia kwa yule kijana wa mwavuli upande wa pili wa barabara ambaye anawatolea mwenyewe haraka haraka. Kwa mwezi naona kamisheni imepungua. Sio kidogo. Siwezi kusema nafurahi.

Habari bado zinakuja, hilo haliwezi kuzuilika, bomba lipo na mtandao bado unasumbua. Za maji na umeme na msiba uliokwishatangazwa nasema kama kawaida. Ila mtu akiniuliza "fulani kapita hapa?" nina jibu moja, "Nilikuwa nahesabu." Mwanzo walidhani natania. Siku hizi hawaniulizi sana.

Yule binti aliondoka, mwaka uliofuata, safari hii hakuna aliyejua mpaka ameshafika. Hela alizipataje sijui, kwangu hakutoa hata shilingi.

Mama Vitumbua alirudi kupika baada ya wiki. Kwangu alikaa kama miezi mitatu hajakanyaga, anavuka barabara kwa kijana wa mwavuli. Siku moja jioni mvua inanyesha, kijana kakunja mwavuli wake kaondoka, naona mtu kasimama mbele ya kaunta. Ni yeye. Anataka kutoa elfu ishirini. Kanunua miwani ya stendi, ile ya plastiki. Kaiweka machoni, kashika simu karibu na pua, kabonyeza mwenyewe taratibu, na alipofika kwenye namba ya siri akavuta khanga yake akaifunika simu na mkono wote, kama mtu anayekinga kibatari na upepo. Nikageuka ukutani. Meseji ikaingia, nikamhesabia, nikaweka boksi langu juu ya daftari, akasaini kwenye kijidirisha.

Akalishika lile boksi, akaligeuza, akaliangalia nyuma na mbele.

"Hili umelitoboa na nini?"

"Wembe, mama."

"Ungepasha kisu moto ukachana, kingo zisingetoka nyuzi," akasema, akaweka hela kwenye pindo, akatoka mvuani.